Soko la mtandaoni linaloniambia betri hazipo, ilhali zipo

Nilikusudia kuipa programu hii nyota moja na kunyamaza, lakini jibu nililopewa na huduma kwa wateja limeniudhi kiasi cha kunifanya nieleze kwa urefu. Ni programu ya kuuziana vitu inayotumiwa sana hapa Unguja na Pemba, na silitaji jina lake kwa sababu wanaoitumia watalitambua kosa lake mara moja.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta betri ya sola. Niliandika `solar battery`, kama tunavyoandika sote, nikaletewa matangazo machache ya watu wa mbali yaliyoandikwa Kiingereza kitupu. Tangazo la muuzaji wa Mwanakwerekwe, ambalo nilikuwa nimetumiwa kiungo chake na kulifungua kwa macho yangu, halikuwemo. Kichwa chake kilikuwa `Nauza solar battery mpya, ipo Mwanakwerekwe`. Nikaongeza neno moja, `nauza solar battery`, na papo hapo likajitokeza.

Hapo ndipo nilipokasirika, maana kazi za utafutaji wa namna hii ndizo zinazonipa riziki. Programu hii hudai maneno yote ya swali yawemo kwenye tangazo, kwa hiyo kuongeza neno kunapaswa kupunguza matokeo. Kukileta kilichokuwa kimefichika ni dalili kwamba swali zima limehamishiwa njia nyingine. Nikajaribu `solar panel`, matangazo ya lugha zote mbili yakaja bila shida. `solar inverter` nayo ikapotea kama betri.

Maelezo yake ni haya. Programu hukisia lugha ya swali lote na kulipachika jina moja, Kiswahili au Kiingereza, ingawa maneno mawili ni machache mno kwa makisio ya kuaminika. Likiitwa Kiingereza, maneno hupitishwa kwenye kikata-mashina cha mtindo wa Porter, kilichochapishwa mwaka 1980, ambacho hukata au hubadilisha miisho: `battery` huwa `batteri`, `inverter` huwa `invert`, na `panel` hubaki ilivyo. Tangazo la Mwanakwerekwe, kwa kuwa lina `nauza`, `mpya` na `ipo`, lilihesabiwa Kiswahili, likaingizwa kwenye faharasa, yaani orodha ya maneno ambayo programu huipekua, bila kukatwa, kwa hiyo ndani yake mmelala `battery`. Anayetafuta `batteri` hawezi kuikuta `battery`, hata zikiwa duka moja. Kama kosa lingekuwa kuzuia matangazo ya lugha nyingine, paneli nazo zingekosekana.

Niliwaandikia haya yote kwa adabu, na majaribio yangu nikayaambatanisha. Kijana aliyenijibu akasema: «Shekhe, chagua lugha moja, usichanganye.» Mimi nichague? Muuzaji hachagui, mnunuzi hachagui, na hata vitufe vya programu yenyewe vimechanganywa, lakini mteja ndiye afundishwe kuandika!

Dawa yake si ngumu. Kila tangazo lihifadhiwe mara mbili, mara moja maneno yakiwa kama yalivyoandikwa na mara ya pili yakiwa yamekatwa, kisha kila swali litafutwe pande zote mbili bila kuukabidhi uamuzi wote kwa makisio ya lugha. Faharasa itanenepa, hilo ni kweli, lakini matangazo ya visiwa hivi si mengi hata iwe hasara.

Kwa haki, kuna sehemu moja ambapo siwezi kuwalaumu sana. Ukiandika `fundi wa kurepair fridge`, neno `kurepair` halina nafasi ndani yake, kwa hiyo kigawa-maneno hulichukua zima, na halilingani na `repair` ya tangazo lolote. Mtu atasema wabandue viambishi vya mbele na kuangalia kama kinachobaki ni Kiingereza. Sawa, lakini wakifanya hivyo kwa pupa, anayetafuta `viatu vya wanawake` atabanduliwa `wana` na kubakiwa na `wake`, ambalo nalo ni neno la Kiingereza, na ataletewa saa za kengele. Lazima kwanza neno zima litafutwe katika kamusi ya Kiswahili, na kubandua kufuate pale tu linapokosekana. Hiyo ni kazi ya subira, na ningewasubiri kwa moyo mkunjufu.

Kwa hiyo nikasema nyota tatu, kwa kuwa picha zinafunguka haraka hata kwa intaneti dhaifu na wauzaji wa Chake Chake siwapati kwingine. Nikalisoma tena lile jibu, nikazishusha ziwe mbili. Muuzaji wa Mwanakwerekwe nimemshauri aweke tangazo la pili lenye Kiingereza kitupu, na amepigiwa simu na wateja ambao hawakuwa wakimwona. Yaani mfanyabiashara alipie matangazo mawili kwa betri ile ile, na fedha zinaingia kwa hao hao walioniambia nisichanganye. Nyota moja.