Wakala wa tiketi za treni za Ulaya, mjini Posta: tiketi sahihi, maelezo sifuri

Niseme ukweli kwanza: bei yao ni ya haki, na tiketi ya Göttingen kwenda Hamburg, huko Ujerumani, waliyomkatia mdogo wangu anayekwenda kusoma ilikuwa na kila kitu, hadi kiti cha dirishani. Nyota tatu, labda nne. Ila nilipomuuliza dada wa kaunta kijana asimame wapi jukwaani, alijibu bila kuinua macho: "Kaka, namba ya behewa imo kwenye tiketi, treni ikifika mtaliona tu. Sisi kazi yetu ni kukata tiketi." Jibu hilo bado linanikera.

Kwenye tiketi imeandikwa "Wg. 2", yaani behewa namba 2. Treni ya kasi ya aina ya ICE 4 yenye mabehewa 13 ina urefu wa mita 374, na Göttingen inasimama dakika mbili hivi. Ukisubiri ifike ndipo ulitafute behewa, huku unaburuta masanduku mawili, umeshachelewa.

Ndiyo maana jukwaa limegawanywa kwa herufi, A, B, C na kuendelea, zinazoning'inia juu ya vichwa vya abiria. Herufi ni mali ya jukwaa, hazisogei. Ubao wa mpangilio wa mabehewa ndio unaokuambia behewa lako litasimama chini ya herufi gani. Tafuta mstari wa treni yako kwa namba yake na saa ya kuondoka, fuata mchoro hadi behewa 2, kisha soma herufi iliyo juu yake. Tuseme ni A. Nenda A.

Lakini ubao wa karatasi, pale ambapo bado upo, unaonyesha ratiba ya kawaida tu, na hapa ndipo dada yule alipopaswa kufungua mdomo. Treni inayotoka Basel, Uswisi, kwenda Hamburg kupitia Göttingen huingia stesheni kuu ya Frankfurt, ambako reli zinaishia ndani ya stesheni. Haiwezi kupita moja kwa moja, hivyo inatoka ilikoingilia, na behewa lililokuwa mkiani linakuwa mbele. Mpangilio wa Göttingen umechorwa kwa kuhesabu mgeuko huo. Siku reli ikiharibika, treni ikapitishwa Frankfurt Süd badala ya stesheni kuu, haigeuki. Inafika Göttingen kinyumenyume: behewa 2 lililotarajiwa A linasimama upande wa F. Hapo una karibu mita 300 za kutembea na mzigo, kama dakika tano, na treni inakupa mbili.

Dalili iko kwenye skrini ya jukwaani, chini ya jina la treni. Ukiona "Umgekehrte Wagenreihung", mpangilio umegeuzwa. Maneno hayohayo hutangazwa kwenye spika, kwa hiyo mwambie msafiri ayajue kwa sikio pia. Kwenye DB Navigator, programu ya simu ya shirika la reli la Ujerumani, fungua safari, bonyeza "Wagenreihung", uangalie mchoro wa siku hiyo dakika kama kumi kabla. Skrini ikipingana na ubao wa karatasi, amini skrini. Na kama huna uhakika, simama katikati ya treni inapotarajiwa, si mwisho wa jukwaa. Mgeuko unawabadilishia nafasi wa pembeni; behewa la katikati halisogei sana.

Treni ikishasimama na behewa lako liko mbali, usikimbie jukwaani. Panda mlango wa karibu, utembee ndani. Usikae tu mlangoni, kwa sababu kiti ulichoweka unaweza kukipoteza usipokikalia ndani ya dakika 15 baada ya treni kuondoka.

Ushauri huo wa kupanda popote una mpaka wake, na nikiufikiria, zile nyota tatu nazifuta. Ni moja. Wakala huyohuyo huuza tiketi za Berlin kwenda Köln. Baadhi ya treni hizo ni mbili zilizoungwa, mabehewa yenye namba za ishirini na kitu upande mmoja, za thelathini na kitu upande mwingine, na hakuna njia ya kupita ndani kutoka moja hadi nyingine. Zikifika Hamm zinaachanishwa: moja inapita Wuppertal, nyingine Essen na Düsseldorf. Anayeshuka Wuppertal akiwa amepanda nusu isiyo yake haponi kwa kutembea ndani. Lazima ateremke Hamm au kabla yake, ahamie nusu nyingine treni ikiwa imesimama. Mwenye tiketi ya namna hiyo aangalie jina la mji lililoandikwa ubavuni mwa behewa, karibu na mlango, kabla hajainua hata sanduku moja.