Mkoba, kopo la chakula na chupa ya maji: nunua rangi ambayo mtoto ataiona kitu kikiwa kimelala kifudifudi

Muhula uliopita mwanangu wa darasa la pili kapoteza chupa mbili na kopo moja la chakula, na siku ya Alkhamisi moja akanirudia nyumbani na mkoba wa mtoto mwengine, ndani mna daftari za hesabu si zake na nusu kitumbua. Mkoba wake nlimnunulia mwenyewe Darajani, mweusi, mbele una gari la mashindano jekundu linawaka kama taa, nkajua huu hata kipofu hapotezi. Kumbe.

Nkenda skuli kuurejesha ule wa watu, nkasimama mlangoni mwa darasa nkaangalia. Mikoba yote imerundikwa pembeni chini ya dirisha, na karibu yote imelala kifudifudi, gari na mabibi harusi na simba wote wanatazama sakafu. Unachokiona ni migongo na mikanda. Nkaihesabu, 41, na migongo 33 ni myeusi. Mbele mna pinki, buluu, zambarau, kila rangi, lakini mgongoni wote ndugu mmoja. Mtoto wa miaka 7 kengele imelia, wenzake wanamsukuma, atapindua mikoba 33 atafute gari? Anashika wa mwanzo anakwenda zake.

Basi hapo ndo nlipojua kosa langu, na nnaona akina mama wengi tunalifanya. Dukani mkoba umetundikwa uso mbele, tunanunua uso. Zipu tunaangalia, mshono tunaangalia, mgongo hatuugeuzi. Mkoba una pande sita, mbele, nyuma, ubavu huku na huku, juu na chini, na mtoto hachagui upande gani utamtazama. Kwahiyo sasa nkienda dukani nnauchukua, nnaulaza kifudifudi sakafuni, nnarudi nyuma hatua kumi, halafu nnauweka ubavu, halafu nnautazama kwa juu. Rangi ikiwa upande mmoja tu nnaurudisha hata uwe mzuri vipi. Nataka pande nne angalau, na mikanda iwe na rangi ile ile, maana mkoba ukitundikwa msumarini ukageukia ukuta ni mikanda tu inayoonekana.

Rangi yenyewe ipi? Mie ni manjano, sina mjadala. Kwanza hebu nenda skuli kwa mtoto wako wakati wa kutoka uhesabu, maana rangi nzuri ni ile wenzake hawana, kwetu pinki ilikuwa kwa wasichana karibu wote kwahiyo pinki haikusaidii kitu. Buluu iliyokoza inapotelea kwenye sare na kwenye mikoba myeusi. Chanikiwiti inang'aa dukani lakini kopo likisahauliwa kwenye majani ya uwanjani limekwenda. Na kuna watoto, wavulana zaidi, hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani, ni maumbile yao na wengi hawajijui, hao hao mara nyingi manjano na buluu wanazitenganisha bila tabu.

Nyekundu ndo inayotudanganya zaidi. Juani inaita kweli. Lakini kwenye kigiza macho yetu yanafanya kazi namna nyengine, sehemu ya jicho inayoona gizani nyekundu inaipata kwa shida sana, kwahiyo inageuka kama nyeusi. Jaribu leo magharibi kabla hujawasha taa, weka mfuniko mwekundu na wa manjano sakafuni pamoja, kadiri giza linavyoingia mwekundu unazama na wa manjano unabaki unauona. Mwanangu akitoka skuli mchana anakwenda chuo cha Kurani, wanatoka jua linazama, na wakati wa masika mawingu yakifunga na umeme ukikatika darasa zima ni kigiza. Kwa mtoto anaesoma asubuhi tu kwenye darasa lenye mwanga nyekundu haina ubaya. Rangi ya chungwa ipo katikati, ni ya pili kwangu.

Sasa ununue nini. Namba moja kwa mkoba ni Kånken ya Fjällräven, ile ya Wasweden yenye kidude cha mbweha kwenye duara, na nnaisema wazi kuwa naipenda. Ilitengenezwa 1978 kwa ajili ya watoto wa skuli kwao, na ile ya rangi moja ni rangi moja kweli, mbele, nyuma, ubavuni, mikanda, ilaze utakavyo. Lile duara la mbweha linarudisha mwanga wa gari usiku, na ndani mna kibao cha kuandika jina. Kubwa inaingia lita 16, ndogo ya Mini ni lita 7 na hiyo daftari kubwa inasumbua kuingia. Mpya sina ubavu nayo, yangu nliipata ya mtumba, manjano iliyochakaa kidogo pembeni, na sasa miezi minne mtoto hajakosea mkoba.

Namba mbili ni fundi cherehani. Nunua turubai la manjano, mpelekee na mkoba wa zamani autizame kipimo, mwambie mgongo na mikanda kitambaa kile kile asitie cheusi, na usimamie hapo hapo maana atatia. Namba tatu, kama mkoba ushanunua na ni mweusi, mshonee utepe wa manjano mpana mgongoni na juu ya mikanda, basi. Zile za rangi kali za kuwaka za bei rahisi zinapauka juani upesi, sizisemei.

Kopo la chakula na chupa hadithi ni fupi, vyote vinatazamwa kwa juu. Kwa mwanangu chupa zinawekwa kwenye beseni kubwa barazani, ukisimama unaona vifuniko tu. Kwahiyo rangi iwe kwenye mfuniko, na mwili nao usiwe wa kioo. Chupa inayopenya mwanga inachukua rangi ya kilicho nyuma yake, ikianguka mchangani ni mchanga, na ya bati inayong'aa ni hivyo hivyo kama kioo cha kujitazamia. Zile mbili zilizopotea moja ilikuwa ya kupenya mwanga na moja ya bati. Vyote vitatu viwe manjano, mtoto mdogo anashika alama moja tu kichwani, na nlimzoesha kwa kumwambia mlangoni, manjano ngapi? Anajibu tatu ndo anatoka.

Linaloniuma ni wauzaji. Nkiomba manjano naambiwa "mama hiyo inachafuka, hainunuliki, chukua nyeusi ndo wanayoitaka wenzio", wenzangu wanaitaka kwa sababu ndo hiyo mnayoleta jamani. Na yule wa mtumba, nkauliza bei akasema elfu kumi na tano, alipoona nnaugeuza nnatazama mbweha akasema elfu thelathini, mkoba ule ule, dakika ile ile. Duka jengine wakanitolea mpya una mbweha wa kushonwa vibaya, mgongo mweusi, mikanda myeusi, wanataka bei kubwa kuliko yule wa mtumba. Na mfuniko wa chupa ukipotea hakuna anaekuuzia mfuniko peke yake, nimezunguka Darajani hadi Mwanakwerekwe, kila mtu anakwambia nunua chupa nzima, kwahiyo sasa nkinunua nnachukua chupa mbili za aina moja, ya pili nnaiweka kabatini kwa ajili ya mfuniko tu.