Kofia ya ukili na barakoa: uzoefu wangu wa wiki sita saiti

Mimi ni fundi vigae Arusha, na kazi zangu nyingi ziko Njiro na Sakina. Miaka yote nilikuwa natoka na kapelo kichwani na leso puani. Mwezi wa tisa vumbi lilipozidi, nikatenga shilingi 15,000 nijaribu vitu vingine.

Kofia ya ukili yenye ukingo mpana nimeinunua soko la Kilombero kwa 5,000, na sina malalamiko. Kapelo hufunika paji la uso tu, masikio na kisogo vinabaki juani. Baridi ya Arusha nayo inadanganya: mwili hausikii joto, kumbe uko mita 1,400 hivi juu ya bahari na jua linakuchoma vilevile. Upepo uliisumbua kofia siku mbili, nikaifunga kamba ya kiatu chini ya kidevu. Ila si helmeti. Palipo na watu wanajenga juu yangu naivua.

Kilichonishangaza ni barakoa. Nilichukua tano zilizoandikwa N95, 2,000 kila moja, zenye mikanda miwili ya kuzunguka kichwa. Zamani nikikata vigae kwa grenda na leso puani, jioni nikipenga kamasi hutoka la kijivu. Leso inazuia chembe kubwa. Ile poda laini, ambayo ndiyo inayoshuka hadi mapafuni, inapenya kwenye kitambaa na pembeni mwake.

Siku ya kwanza na barakoa bado kamasi lilikuwa la kijivu, nikajua nimepigwa. Nilipojitazama kwenye kioo cha pikipiki nikaona mistari miwili ya vumbi jeupe, mmoja kila upande wa pua. Kumbe sikuwa nimebana kile kibati cha puani, na ndevu za wiki mbili zilikuwa zinaacha nafasi mashavuni. Kesho yake nikanyoa, nikabana kibati kwa vidole vya mikono yote miwili, mkanda mmoja nikaupitisha juu ya masikio na mwingine shingoni. Jioni pua ilikuwa safi.

Moja inanifikisha siku nne au tano za kukata, kwa sababu siivai nikipanga vigae. Naiweka kwenye mfuko wa karatasi, siifui. Kuvuta pumzi kukiwa kugumu au mkanda ukilegea, naitupa.

Ubaya wake ni joto. Saa saba mchana uso unalowa jasho, na kuongea na saidia fundi ni kupiga kelele. Kwa hiyo mikato yote iliyonyooka nimeirudisha kwenye mashine ya mkono, ile ya kuchora mstari na kuvunja, maana haitoi vumbi la kutisha. Grenda imebaki ya kona na matundu ya mabomba, na hapo nasimama upepo ukinitoka mgongoni. Kumwagia maji grenda ya umeme sijathubutu, wala sikushauri.

Barakoa nitanunua tena. Za kuning'inia masikioni, hapana.