Chapati zinaleta hasara: uendelee au ufunge?

Vibanda viwili vya chapati vimemaliza miezi mitatu ya majaribio, na vyote vina hasara.

Cha kwanza kinauza chapati shilingi 500. Unga, mafuta na mkaa vinakula 350, inabaki 150. Kodi na mshahara ni 30,000 kwa siku, kwa hiyo kinahitaji kuuza chapati 200. Kimepanda kutoka 90 hadi 160, na wateja ni wale wale wanaorudi kila asubuhi. Hicho ningekipa mwezi mmoja zaidi, basi.

Cha pili kinauza 500, lakini unga, mafuta na mkaa wa kila chapati vinakula 520. Hapo foleni ndefu ndiyo inayoongeza hasara. Kikipandisha hadi 600 na wateja wakahamia kwa jirani, kifungwe wiki hiyo hiyo, kabla hakijaanza kukopa unga dukani.