Kitufe cha "Nakili" kimetuvurugia maktaba ya prompti

Mpaka majuzi ningeipa nyota nne bila kusita huduma hii ya kuhifadhi prompti, yaani maagizo tunayoipa modeli ya AI ituandikie matangazo. Wakala wetu wa matangazo una wateja wengi, na prompti zilikuwa zimezagaa kwenye simu na kompyuta za kila mtu. Humu tulizipanga zikapangika: jina linaanza na msimbo wa mteja, kisha kazi, njia na toleo, kama `bima1_kampeni_sms_v05`. Lebo za mteja kivyake, za matumizi kivyake. Ukitafuta "bima1" pamoja na "sms", unaipata papo hapo. Kwa hilo sina neno.

Sasa hicho kitufe. Prompti ya SMS ya mteja wetu wa bima ilikuwa na sentensi hii: "Usitumie neno 'uhakika' unapotaja malipo ya fidia." Sababu ilikuwa kwenye maelezo ya toleo la 5: wanasheria wa mteja wamelikataa, kwa kuwa fidia hulipwa baada ya dai kuchunguzwa. Mwenzangu akainakili ili apate ya barua pepe. Nakala ikaanza upya na v01, maelezo matupu, historia mstari mmoja. Lakini lebo ya "imeidhinishwa" ilikuja nayo! Ruhusa imehama, sababu imeachwa nyuma. Alipokuwa akiifupisha, akaona sentensi ile haina kazi, akaifuta. Lebo haikutikisika. Barua ikamfikia mteja na "uhakika wa kulipwa" kwenye kichwa chake. Simlaumu mwenzangu hata kidogo; angejulia wapi?

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu, bila hata salamu: "Maelezo ya toleo ni ya hiari. Wafundisheni watumiaji wenu." Tuwafundishe kusoma maelezo ambayo mfumo wenu umeyatupa? Nilikasirika mpaka nikafunga kompyuta.

Lebo ya idhini tumeifuta kabisa. Idhini sasa inaandikwa ndani ya maelezo, ikitaja namba ya toleo lililoidhinishwa, na sababu ya kila katazo inakaa ndani ya prompti yenyewe, ubavuni mwa katazo, ili ikinakiliwa iende nayo. Tunaandika pia ni modeli gani tuliijaribia, maana modeli ikibadilishwa, maneno yaleyale yanaweza kuleta majibu mengine, na usipoandika hutajua kilichobadilika ni prompti au modeli.

Kama unafikiria kujiunga, jaribu hivi kabla hujalipa: tengeneza prompti yenye maelezo na lebo ya idhini, inakili, badilisha neno moja, uone kama lebo bado ipo.

Nilitaka kutoa nyota tatu kwa ajili ya utafutaji, maana kweli ni mzuri. Lakini kila nikilisoma lile jibu lao napunguza. Chukueni moja.