Intaneti yao ni nzuri, lakini nilipotaka kufunga akaunti walinikasirisha

Mtandao wenyewe hapa Lubumbashi sina neno nao, hata umeme ukikatika, mtandao unarudi upesi. Hasira yangu ni ya ofisini kwao. Nilikuwa naenda Kolwezi kwa kazi ya miezi kadhaa, nyumba inabaki tupu, nikaenda kufunga abonema ya dola 30. Dada wa mezani akanipa nusu bei kwa miezi mitatu. Nikamweleza tena kwamba nyumbani hakutakuwa na mtu. Akanijibu mbele ya foleni nzima: "Papa, hata dola 15 zinakushinda?"

Nimewahi kufanya kazi ya namna hiyo kwenye kampuni nyingine, kwa hiyo najua anachokimbilia. Mteja akikubali punguzo, jioni anahesabiwa kuwa ameokolewa. Jirani yangu alilikubali. Mwezi wa nne bei iliporudi 30, akaondoka. Kwa miezi mitatu walipata dola 45, wakampoteza vilevile, na kwenye ripoti yao bado ni ushindi. Punguzo linamfaa mtu ambaye shida yake ni ya muda na itaisha kabla punguzo halijaisha. Wengine linawafundisha kutisha kuondoka ili wapunguziwe tena.

Dada yangu wa Katuba yeye bei ilimzidi kweli, na hakukuwa na dalili ya hali kubadilika. Walimshusha kwenye kifurushi cha dola 18, na mpaka leo analipa. Kampuni inapoteza dola 12 kila mwezi, lakini 18 inaingia.

Wakitaka ukweli, wawaache baadhi ya wanaotaka kuondoka bila kuwapa chochote, halafu wahesabu baada ya miezi sita nani bado analipa bei kamili au ya kifurushi alichoshuka. Maana wapo wanaobaki hata wasipobembelezwa, na hao punguzo limewapa pesa bure.

Mimi nilihitaji kusimamisha tu. Nilipoweka mashine yao ya intaneti mezani ndipo bosi wake akatoka na kusema: "Papa, tunaweza kusimamisha kwa miezi miwili." Kumbe ipo! Kwa hilo nilikuwa tayari kuwapa nyota nne, kwa sababu mtu wa safari hahitaji bei ndogo, anahitaji kurudi akute akaunti yake.

Lakini miezi miwili ilipoisha nilikuwa bado Kolwezi. Hakuna ujumbe, hakuna simu. Dola 30 zikakatwa kwenye pesa ya simu, nyumba ikiwa imefungwa. Ujumbe mmoja wiki moja kabla ungetosha, ningeongeza mwezi na kukaa nao miaka. Kusimamisha ndiko kungenibakiza kuliko punguzo lolote, na hilo wameliharibu wenyewe. Nyota moja. Wakinirudishia dola zangu 30 nitabaki, wasiponirudishia, mashine nawapelekea, na safari hii sisikilizi ofa yoyote.