Cheti "kinachojisasisha chenyewe" kwenye lodi balansa kilitukatikia usiku, na kostoma kea wakanijibu hovyo

Naandika hii hasira bado ninazo, na jina la hiyo kampuni ya klaudi silitaji, ila kama unatumia lodi balansa ya klaudi yoyote na wamekwambia cheti cha HTTPS kinajisasisha chenyewe, basi soma hii mpaka mwisho, maana hilo neno "chenyewe" lina sharti moja ambalo hakuna atakayekukumbusha baada ya siku ile uliyobonyeza kitufe.

Sisi tunauza tiketi za mabasi ya mikoani mtandaoni, tuko Dar. Abiria anachagua siti, anapewa namba ya kumbukumbu, analipia kwenye menyu ya simu yake, kampuni ya simu inatuma taarifa kwenye mfumo wetu kwamba hela imeingia, ndipo tiketi inatoka kwa SMS. Hiyo taarifa inakuja kwa HTTPS, inapokelewa na lodi balansa, na lodi balansa ndiyo inayoonyesha cheti na kufungua usimbaji, halafu inalipeleka ombi kwenye seva za nyuma kwa HTTP ya kawaida ndani kwa ndani. Hicho kipande cha mwisho kiwekeni akilini kwa sababu ndicho kilichotupoteza asubuhi nzima.

Sasa siku yenyewe, hii ni miezi kadhaa imepita, simu zinaanza kuita saa kumi na moja alfajiri. Watu wako stendi ya Magufuli kule Mbezi, wamelipa, SMS ya kampuni ya simu wanayo kabisa, tiketi hawana, na kondakta hataki kusikia habari za mtandao, bus la saa kumi na mbili linaondoka. Nafungua dashibodi, kila kitu kijani! Seva zote zimeandikwa `healthy`, makosa ya 500 hakuna hata moja, prosesa imetulia, diski iko poa. Nikawapigia wa kampuni ya simu nikidhani tatizo ni lao, nao wanasema wao wanatuma, upande wetu ndio unakataa. Logi zetu hazina ombi hata moja lililokataliwa. Nikaanza kubishana nao, na ningeendelea kubishana mpaka jioni.

Kilichonifumbua macho ni wakala wetu mmoja pale stendi. Alipiga kulalamika kwamba simu zote za ofisini hazikati tiketi isipokuwa moja, ile ambayo tarehe yake huwa inabaki nyuma kila chaji ikiisha. Simu yenye tarehe ya jana inafanya kazi na zenye tarehe sahihi hazifanyi! Nikafungua websaiti kwenye kompyuta, `NET::ERR_CERT_DATE_INVALID`, na kwa sababu tulishawasha HSTS, ile amri ya kuiambia braoza itumie HTTPS tu, braoza haikutoa hata kile kitufe cha kuendelea kwa hatari yako mwenyewe. Nikapiga hii:

```
openssl s_client -connect tiketi.example.com:443 \
  -servername tiketi.example.com </dev/null 2>/dev/null \
  | openssl x509 -noout -enddate
```

(Hapo weka jina lako, na hiyo `-servername` usiiache kama openssl yako ni ya zamani, maana haitumi jina yenyewe, na lodi balansa moja inaweza kubeba vyeti vingi na bila jina itakupa kile cha kwanza tu.) Ikarudisha `notAfter` ya saa 23:59:59 GMT usiku uliopita, yaani saa tisa usiku kwetu. Cheti kimekufa watu wamelala.

Na dashibodi ilikuwa kijani kwa sababu ile ile niliyosema juu. Ukaguzi wa afya unatoka lodi balansa kwenda kwenye seva kwa HTTP, haugusi cheti kabisa. Mteja yeye anakataa kuendelea pale pale kwenye kusalimiana kwa TLS, kabla hajatuma ombi lolote, kwa hiyo hakuna ombi wala kosa la 500, na kwenye logi hamna kitu. Dalili pekee ilikuwa grafu ya idadi ya maombi kushuka karibu na sifuri, na saa tisa usiku grafu hiyo huwa iko chini kila siku, nani ataishtukia?

Haya, kwa nini hakikujisasisha? Cheti cha aina hii, kinachotolewa na klaudi yenyewe, kinathibitishwa kwa DNS. Siku unaomba wanakupa rekodi ya CNAME ya kuweka kwenye domeini yako, jina linaanza na mstari wa chini halafu herufi na namba ndefu zisizo na maana, inaelekeza kwenye domeini yao. Kila muda wa kusasisha ukikaribia wanaitafuta ile rekodi, wakiikuta wanatoa cheti kipya bila kukuuliza, na wasipoikuta hawatoi. Kwa hiyo rekodi ile sio ya kuweka siku moja na kuifuta, ndiyo kibali chenyewe, ikae hapo maisha yote ya cheti.

Mwaka huo tulikuwa tumehamisha DNS kwenda kampuni nyingine. Hiyo kampuni mpya ina kile kitu cha kuskani domeini na kuleta rekodi zako zote, wanaandika kabisa "zote", na tukakagua websaiti inafunguka, imeli zinaingia, poa. Ila skani ya namna hiyo inafanya kazi kwa kubahatisha majina, inauliza `www`, inauliza `mail`, inauliza `api`, vinavyojibu inavileta. Jina kama `_a79f65c0...` hakuna wa kulibahatisha. Likabaki kule kwa zamani, akaunti ya zamani ikafungwa, na hakuna kilichoharibika siku hiyo wala wiki ile wala mwezi ule, kwa sababu cheti kilichokuwepo kilikuwa bado kina miezi ya kuishi. Kama umewahi kuhamisha DNS hebu kagua sasa hivi, ni amri moja tu:

```
dig +short CNAME _jina-refu.tiketi.example.com
```

Ikirudi tupu, una cheti kinachohesabu siku zake.

Mpaka hapo mtu atasema kosa ni la kampuni ya DNS, na mimi nakubali nusu. Lakini hawa wa klaudi walijua! Mfumo wao ulianza kutafuta ile rekodi wiki nyingi kabla, kila mara haipo, na kitu pekee walichofanya ni kutuma imeli kwa mwenye akaunti, ambayo kwetu ni imeli ya fundi aliyefungua akaunti na akaacha kazi zamani. Ukurasa wa lodi balansa, ambao tunauangalia kila siku, uliandika jina la cheti na neno kwamba kinatumika, basi. Hali ya kusasisha iko kwenye ukurasa mwingine wa huduma nyingine, inabidi ubonyeze kwenye cheti chenyewe ndipo uone imeandikwa inasubiri uthibitisho.

Sasa njoo kwenye chati ya kostoma kea. Namweleza abiria wanaachwa, yeye ananibandikia linki ya maelezo. Nimeisoma, namuuliza swali mahususi, je nikirudisha ile CNAME sasa hivi hiki cheti kitafufuka au niombe kipya? Ananibandikia linki ile ile. Mara ya tatu ananijibu kwamba kama alivyokwisha kunieleza, usimamizi wa DNS ni wajibu wa mteja na taarifa zilitumwa, je kuna jambo jingine angeweza kunisaidia. Yaani anaona watu wameachwa stendi na ananiuliza jambo jingine! Na ile sauti ya kwamba haya ni mambo ya watu wazembe, sikuikubali. Desemba 2018 mtandao wa O2 kule Uingereza ulizima data kwa mamilioni ya wateja kwa sababu ya cheti kilichokwisha ndani ya programu ya Ericsson, na Februari 2020 Microsoft Teams ilianguka kwa sababu hiyo hiyo. Hao nao ni wazembe wasiosoma imeli?

Jibu la swali langu nililipata mwenyewe. Kwetu cheti kilichokwisha hakikufufuka, niliomba kipya kwa majina yale yale, wakanipa CNAME ile ile kabisa ya zamani herufi kwa herufi, nikaiweka kwenye DNS mpya, na hapa lazima niwe mkweli, cheti kilitoka ndani ya dakika chache, nikakifunga kwenye lisna ya 443, na tiketi zikaanza kutoka bila kuzima seva hata moja. Kwa hilo nilitaka kuwapa nyota nne. Huduma yenyewe ni nzuri, sidanganyi, miaka yote kabla ya hapo ilijisasisha na hatukuwahi kuijua, na siwezi kurudi kwenye kununua cheti na kukipakia kwa mkono, maana hivyo vya kupakia mwenyewe klaudi haivisasishi kabisa.

Halafu nakumbuka malipo. Kampuni ya simu ilijaribu kutuma kila taarifa mara kadhaa ikaacha, kwa hiyo cheti kipya hakikurudisha yale malipo, tulikaa tunalinganisha orodha yao na yetu mstari kwa mstari, na waliokosa mabasi tukawarudishia hela wakati hela yenyewe tulikuwa hatujaiona. Nyota nne zimeyeyuka hapo.

Na hili litawakuta wengi zaidi. CA/Browser Forum, umoja wa watoa vyeti na watengeneza braoza, walishapiga kura Aprili 2025, maisha ya vyeti vya wavuti yanashushwa, siku 200 kuanzia 15 Machi 2026, siku 100 kuanzia 15 Machi 2027, siku 47 kuanzia 15 Machi 2029. Kusasisha kutakuwa mara nyingi kwa mwaka, na rekodi ikipotea utaumia ndani ya wiki chache badala ya miezi, ambayo kwa upande mmoja naona ni afadhali, angalau utakumbuka uligusa nini. Let's Encrypt, wale wanaotoa vyeti vya bure, nao waliacha kutuma imeli za kukumbusha tangu 4 Juni 2025, kwa hiyo aliyekuwa anategemea imeli ajipange.

Sisi sasa tunakagua kutoka nje, kwenye seva ndogo ya kampuni nyingine kabisa, ule mstari wa juu badala ya `-enddate` unaweka `-checkend 1814400`, hizo ni sekunde za siku 21, ikigoma inatuma SMS kwa watu wawili. Siku 21 kwa sababu klaudi yetu huanza kusasisha mapema kuliko hapo, kwa hiyo zikibaki 21 na cheti bado ni cha zamani ujue kuna kitu kimekwama. Inakagua kile anachokiona abiria, haijali dashibodi inasema nini.

Niliwaandikia rasmi waweke tarehe ya mwisho na hali ya kusasisha pale pale kwenye ukurasa wa lodi balansa, kwa rangi nyekundu rekodi isipopatikana. Wamelifunga ombi wakaandika limetatuliwa. Nimelifungua tena.